Mbao Mbili, Mwalimu Mmoja

Chumba kilikuwa kimoja, na ndani yake walikaa watoto 33. Kumi na tisa walikuwa wa Darasa la Pili, kumi na wanne wa Darasa la Tatu. Mwenzangu alikuwa chumba cha pili na watoto wa awali pamoja na Darasa la Kwanza. Walimu wawili, madarasa manne, na mti wa mwembe uliotumika kama ofisi. Ilikuwa shule shikizi, yaani tawi dogo la shule kubwa ya mbali, lililoanzishwa ili watoto wadogo wasitembee kilomita nyingi na kuvuka korongo kila asubuhi. Wakishakua kidogo huhamia kule kubwa, ambako huitwa shule mama.

Wiki ya kwanza nilifanya kile ambacho karibu kila mwalimu hufanya akipewa madarasa mawili. Nilikata kipindi katikati, nusu kwa hawa, nusu kwa wale. Nikawaandikia Darasa la Pili hesabu nane ubaoni, nikasema, "Fanyeni kimya," kisha nikawageukia wa Tatu. Dakika ya tano nikasikia mguso mgongoni. "Mwalimu, nimemaliza." Wa pili akaja, ncha ya penseli imevunjika. Wa tatu anamshtaki jirani kwa kumwangalizia. Dakika ya nane nyuma yangu palikuwa na foleni ya watoto saba wenye madaftari mikononi, na nilikuwa nasahihisha huku nafundisha, nisifanye kimoja wala kingine. Nilipokwenda kuyakusanya madaftari, nikakuta mtoto mmoja amekosea hesabu zote nane kwa kosa lile lile. Alikuwa amejizoeza kukosea, mara nane, kwa hati nzuri.

Juma lile alifika mwalimu wa makamo kutoka shule mama. Alikaa nyuma kwenye mkeka, akanisubiri hadi mapumziko, akaomba kuona andalio langu la somo. Alilisoma lote, kisha akaniambia, "Mwanangu, hili ni zuri. Lakini umeandika la darasa ulilo nalo. La darasa usilo nalo liko wapi?"

Swali hilo ndilo lililonifundisha kazi. Katika darasa la kawaida mwalimu hupanga atakachosema. Katika chumba chenye madarasa mawili au matatu, kusema kwake ni sehemu ndogo ya saa, kwa sababu mdomo ni mmoja. Muda mwingi wa kila mtoto utapita bila mwalimu mbele yake. Muda huo usipopangwa unapotea, na haupotei kimya kimya, unapotea kwa kelele.

Kabla sijaendelea, nitenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Darasa la watoto 110 wa rika moja si hili ninalolieleza. Lile ni tatizo la wingi. Hapa watoto wanaweza kuwa 30 tu, lakini wapo katika hatua mbili au tatu za muhtasari, kila hatua na kitabu chake na matarajio yake. Na wala si jambo geni kwetu. Aliyepita chuoni pwani, chuo cha Kurani, amekulia ndani yake: huyu yuko kwenye alifu na bee, yule kwenye juzuu ya Amma, wa tatu anakaribia kuhitimu, wote barazani kwa mwalimu mmoja. Kila mmoja husoma mahali pake kwa sauti, mkubwa humsomesha mdogo, na mwalimu humwita mmoja mmoja amsikilize. Mpango ule unakwenda kwa sababu kila mtoto ana mahali pake kitabuni, na akikaa tu anajua aanzie wapi. Ugumu wa shuleni ni kwamba hisabati haitoshi kusikilizwa. Lazima ielezwe, na maelezo yanahitaji kundi zima likutazame kwa wakati mmoja.

Nilianza na andalio. Lile la kawaida lina safu za hatua, muda, vitendo vya mwalimu na vitendo vya wanafunzi. Nilichukua karatasi ya manila nikapiga safu nne: dakika, Darasa la Pili, Darasa la Tatu, na mwisho kabisa, mwalimu yuko wapi. Safu hii ya nne inaonekana ya mzaha, ila ndiyo inayokufichulia ulaghai wako mwenyewe. Ukikuta umeandika "Pili na Tatu" kwenye mstari ambao kila kundi linafundishwa jambo jipya, ujue umejipangia kuwa watu wawili. Halafu, na hapa ndipo nilipobadilika kweli, nikaanza kujaza kwanza visanduku vya kundi lisilo na mwalimu. Vya kundi nililo nalo nilivijaza baadaye, kwa sababu hapo hata mpango ukipungua nipo mwenyewe wa kuurekebisha.

Kazi ya kuachiwa peke yao ina masharti yake. Isiwe mpya. Iwe ni jambo walilolielewa jana au juzi, sasa wanalizoea. Nilipowapa watoto kitu kipya wajaribu wenyewe, nilirudi kukuta makosa yaliyokwisha kukauka, na kuyang'oa kulinichukua siku mbili. Pili, ianze bila swali. Mtoto akikaa aone ubaoni au kwenye kadi cha kufanya, pamoja na mfano mmoja uliokwisha kufanywa. Maagizo ya mdomo husahaulika kabla hujafika upande wa pili wa chumba. Na iwe na mkia. Watoto 14 hawamalizi pamoja hata siku moja, kwa hiyo baada ya hesabu sita lazima pawe na jambo lisiloisha: tunga swali lako mwenyewe, mpe jirani ajibu, kisha msahihishane. Foleni ile ya nyuma yangu karibu yote ilitokana na kazi zisizo na mkia.

Majibu nayo nilijifunza kuyaacha chumbani. Nilikata maboksi ya sabuni nikatengeneza kadi, swali mbele, jibu nyuma. Walimu wengi huogopa kwamba watoto watachungulia. Watachungulia, ndiyo. Lakini mtoto aliyechungulia akakuta jibu si lake, akarudi kutafuta alipokosea, amepata faida kubwa kuliko yule anayekaa na kosa lake hadi nije kesho kutwa.

Kisha kuna saa. Huku Tanzania kipindi cha Darasa la Kwanza na la Pili ni dakika 30, na kuanzia la Tatu ni dakika 40. Anayefundisha darasa moja hana haja ya kulifikiria hilo. Mwenye la Pili na la Tatu chumbani, kengele zake hazikutani. Wadogo wanamaliza dakika ya 30, wakubwa ya 40, wadogo tena ya 60, wakubwa ya 80. Zinapatana mara moja tu, dakika ya 120, vipindi vinne vya wadogo na vitatu vya wakubwa. Nilihangaika na ratiba ile kwa wiki mbili kabla ya kuacha kufuata kengele. Nilianza kuhesabu dakika kwa wiki. Asubuhi ikawa na mapande makubwa ya dakika 60, na mwishoni mwa juma nilijumlisha kuona kama kila somo limepata haki yake. Wakubwa wakipata dakika 60 za hisabati Jumatatu, zile 20 za ziada hukatwa Alhamisi.

Katika kupanga mapande hayo nilioanisha somo linalokula mwalimu na somo linalokula mazoezi. Kufundisha mtoto mdogo kusoma ni kazi ya uso kwa uso, kumsikiliza, kumrekebisha silabi. Basi wadogo walipokuwa kwenye kusoma, wakubwa walikuwa kwenye mazoezi ya hisabati au kuandika insha. Kuweka kusoma kwa wadogo sambamba na mada mpya ya sayansi kwa wakubwa ni kujitafutia ugomvi, maana wote wanakutaka kwa dakika ile ile.

Lakini pande zuri kuliko yote ni lile ambalo madarasa yote mawili yana somo moja na mada moja, kila mmoja kwa kina chake. Haya si mambo ya kubahatisha. Kaa na mihtasari yote miwili mezani kabla ya muhula kuanza, usome mada za la Pili na za la Tatu kwa pamoja, na utaona kwamba nyingi ni zile zile zikirudi na namba kubwa zaidi au maneno mengi zaidi: kujumlisha na kutoa, vipimo, maumbo, fedha, usafi wa mwili. Kilichobaki ni kuzihamisha katika azimio la kazi ili zikutane wiki moja. Mwaka ule fedha ilikuwa Machi kwa wadogo na Mei kwa wakubwa. Nikazileta zote Aprili. Mwalimu mkuu akisaini azimio hilo, hakuna wa kukulaumu.

Nieleze somo hilo moja la fedha lilivyokwenda, kwa kuwa ndilo nililolirudia nikalinoa.

Usiku nilipanga vitu mezani: kiberiti shilingi 100, chumvi 500, daftari 700, robo ya sukari 850, kilo ya mchele 2,800. Sarafu zilikuwa vizibo vya soda vilivyobandikwa karatasi, na noti zilikuwa vipande vya manila. Viti vya Darasa la Pili viliutazama ubao wa mbele, na vya Darasa la Tatu viliutazama ukuta wa nyuma, ambao tuliupaka rangi nyeusi ukawa ubao wa pili. Makundi yalipeana migongo. Hilo la migongo ni dogo kulitaja lakini lina uzito, kwa sababu mtoto hasikilizi sana kile asichokiona.

Dakika tano za mwanzo tulikuwa wote. Niliinua daftari nikauliza, "Shilingi 700, nitalipaje kwa sarafu?" Wadogo wakasema mia tano na mia mbili. Nikawaambia wakubwa watafute njia nyingine, na nyingine tena. Swali moja, kila kundi likalichukua kwa kimo chake.

Kutoka dakika ya 5 hadi ya 20 wakubwa waligeukia ubao wao. Niliwaandikia kabla ya kengele hesabu sita za kurudisha chenji, kama 1,000 kutoa 600, walizokwisha kuzizoea, na chini yake mkia: tunga swali la duka. Mimi nikakaa chini na wadogo. Kwa nini nianze na wadogo? Kwa sababu wakubwa wanasoma maagizo, wadogo bado wanayahangaikia. Anayeweza kuanza mwenyewe aanze, asiyeweza apate mwalimu kwanza. Tukaunda 850 kwa vizibo: 500, 200, 100 na 50. Kisha wakaunda kwa 200 nne na 50 moja. Mtoto mmoja alirundika vizibo vya 50 akavihesabu hadi 17. Ilichukua muda wake, nami sikumkatiza.

Dakika ya 20 ndiyo hatari kuliko zote. Ni wakati wa kuhama, na vita vingi vya darasa la namna hii hushindwa hapo. Usihame mpaka kundi unaloliacha limeanza. Niliwagawa wadogo wawili wawili, kila jozi kadi kumi, bei mbele na mchanganyo mmoja wa sarafu nyuma. Nikasimama nikaona kila jozi imegusa kadi ya kwanza, ndipo nikavaa kofia yangu ya mabua nikaondoka. Kofia ilikuwa na maana. Ikiwa kichwani, mwalimu hayupo kwa darasa lile. Mwenye shida asome tena ubaoni, akishindwa amuulize jirani, akishindwa amuulize kiongozi wa kundi. Anayeumwa au anayetaka kwenda chooni haihusu kofia. Walicheka siku ya kwanza, siku ya tatu walikuwa wanazomeana wenyewe: "Hujaona kofia?"

Kwa wakubwa nilikuwa na dakika 18 za jambo jipya: 5,000 kutoa 3,650. Kosa la hapa linajulikana. Mtoto akifika kwenye sifuri kutoa tano, hageuzi, anageuza yeye: tano kutoa sifuri, tano. Sifuri kutoa sita, sita. Jibu lake ni 2,650, na anakuonyesha kwa furaha. Ukiliona jibu hilo usiseme "umekosea kutoa", kwa sababu kutoa anakujua. Asichokijua ni kukopa palipo na sifuri zilizofuatana. Niliacha ubao nikawauliza muuza duka wa kijijini hufanyaje. Hakopi chochote. Huanzia kwenye bei akapanda: kutoka 3,650, hamsini nafika 3,700. Mia tatu nafika 4,000. Elfu moja nafika 5,000. Mkononi ana 1,350. Baada ya hapo nikarudi kwenye kupanga wima, na sasa walikuwa na jibu la kulinganisha nalo.

Dakika ya 40 nilivua kofia, tukafungua duka. Wakubwa wauzaji, wadogo wanunuzi. Mnunuzi anachagua vitu viwili, anajumlisha mwenyewe na kutaja jumla kabla ya kutoa noti. Chumvi na daftari, 1,200, anatoa 2,000. Muuzaji anarudisha 800. Kila mtoto anafanya kazi ya darasa lake na hakuna anayemfanyia mwenzake. Hii ndiyo dakika ambayo mwalimu wa madarasa mawili anakuwa huru kusikiliza, na nilikuwa na kijidaftari. Niliandika majina ya watatu waliotaja jumla kwa kubahatisha, na mmoja wa la Tatu aliyerudisha chenji sahihi lakini hakuweza kueleza ameipataje. Dakika nane za mwisho zilikuwa za kuandika, hesabu nne kwa kila darasa, nami nikapita na kalamu nyekundu kwenye madaftari ya wale wanne kwanza.

Ninavyolisimulia linaonekana limenyooka. Mara ya kwanza duka liligeuka soko, kelele zikafika chumba cha pili, mwenzangu akaja kuuliza kuna nini. Nilikuwa nimefungua duka moja kwa watoto 33. Mara ya pili niliweka maduka matano, kila moja na wauzaji wawili au watatu na wanunuzi wasiozidi wanne. Kundi likizidi hapo, wa nyuma wanacheza.

Sasa kuna ujanja mwingine wa kupanga ambao vitabu vya ualimu huupenda, nao ni mzunguko. Badala ya kufundisha mada za sayansi za la Tatu kwa hawa na za la Nne kwa wale, mnawafundisha wote mada za la Tatu mwaka huu, na wote mada za la Nne mwaka ujao. Anayeingia mwaka wa pili anaanza na za la Nne, baadaye anarudi za la Tatu. Mzigo wa mwalimu unapungua kwa nusu. Nakubaliana nao kwa mada zisizopandiana, kama wanyama, hali ya hewa, mazingira ya kijiji. Kwa hisabati na kusoma haufai kabisa, kwa kuwa huwezi kugawanya kabla ya kuzidisha. Na hata katika sayansi una mtego. Mtoto akihamia shule mama katikati ya mzunguko, atazirudia mada moja na kuzikosa nyingine moja kwa moja. La Nne kuna upimaji wa kitaifa, nao hauulizi mzunguko wenu uko wapi. Mzunguko unafaa tu ukiishia pale pale watoto wanapoondokea.

Waliokwenda mbali zaidi katika jambo hili ni Kolombia, huko Amerika ya Kusini, ambako shule za milimani mara nyingi zilikuwa na mwalimu mmoja au wawili kwa darasa la kwanza hadi la tano. Mwaka 1975 Vicky Colbert pamoja na wenzake, akiwemo mwalimu wa vijijini Oscar Mogollón, walianzisha utaratibu unaoitwa Escuela Nueva, shule mpya. Hawakuongeza walimu. Waliandika vitabu vya mwongozo vinavyomsemesha mtoto mwenyewe: soma hiki, jadili na wenzako, fanya hivi nyumbani, sasa mwonyeshe mwalimu. Mtoto aliyekosa shule wakati wa mavuno ya kahawa akirudi alifungua ukurasa alioachia, hakulazimika kurudia mwaka. Ukivisoma vitabu hivyo unaona vimechukua maagizo ya kila siku kutoka mdomoni mwa mwalimu, ili mdomo ubaki kwa maelezo na maswali. Kadi zangu za maboksi ya sabuni zilikuwa zinajaribu jambo hilo hilo, kwa kadiri ya mkasi wangu. Vitabu vyetu vya kiada vingi vimeandikwa kwa kudhani mwalimu amesimama mbele, na hilo ni deni ambalo mwalimu wa chumba kimoja hulilipa usiku.

Kuna makosa mawili ambayo hayapigi kelele, kwa hiyo ni vigumu kuyaona. La kwanza ni kuwafanya wakubwa kuwa walimu wa kudumu. Msichana mmoja wa la Tatu alikuwa mwepesi, mpole, wadogo wakimpenda, na nikawa namtuma kila siku akasimamie kadi. Muhula ulipokwisha alikuwa ameshuka katika kusoma. Hakuwa amezembea. Nilikuwa nimemwajiri bila mshahara. Tangu hapo kusaidia kukawa kwa zamu, dakika kumi, mara mbili kwa juma kwa mtoto, na kila anayesaidia awe anajizoeza jambo analohitaji yeye.

La pili ni kuegemea. Kila mwalimu ana darasa ambalo moyo wake unalielekea, na mara nyingi ni lile la juu, lenye mtihani karibu. Huwezi kujijua kwa kujitazama. Nilianza kuweka alama ya kalamu ukutani kila nilipokuwa nimekaa dakika kama kumi na kundi moja. Ijumaa ya kwanza alama za la Tatu zilikuwa maradufu ya zile za la Pili, nami ningeapa kwamba nilikuwa nimegawa sawa. Dalili nyingine iko madaftarini. Ukikuta daftari la mtoto mdogo lina kazi nyingi za kunakili kutoka ubaoni, "andika mara tano", "nakili aya", ujue hizo ni dakika alizokaa peke yake na mwalimu akihitaji anyamaze.

Mipango yote hii ina ukomo. Madarasa mawili kwa mwalimu mmoja yanabebeka, matatu yanabebeka kwa shida, na Darasa la Kwanza ndilo linaloamua. Asiyejua kusoma hawezi kupewa kazi ya maandishi, kwa hiyo muda wake bila mwalimu lazima uwe wa vitu vya kushika: vizibo, mbegu, kadi za silabi, kuchora herufi mchangani. Kazi hizo huisha haraka. Kanuni ya wengi ni kuunganisha madarasa yanayofuatana, kwa kuwa mada zao zinakutana. Kwa la Kwanza mimi ningefanya kinyume. Nikipewa hiari ningeliunganisha na la Nne. Mada hazitakutana, lakini wa la Nne watasoma nusu saa nzima bila kuniita, na nusu saa hiyo ndiyo wa la Kwanza wanayoihitaji. Na watoto wakizidi arubaini na kitu chumbani, hakuna safu nne za manila zitakazoziba. Hapo dawa ni mwalimu wa pili, na mwalimu mkuu aelezwe hivyo waziwazi, asionyeshwe andalio la kumfurahisha.

Mwezi Januari watoto wangu 14 walivuka korongo kwenda shule mama kuanza la Nne. Orodha rasmi iliyokwenda nao ilikuwa na majina na alama. Niliongeza karatasi moja kwa kila mtoto, nusu ukurasa, kwa mwalimu atakayewapokea: mada zilizokwisha, mada zilizohamishwa, na mahali anapokwama. Kwenye ya yule aliyerudisha chenji sahihi bila kuweza kueleza niliandika, "Anapanda kutoka kwenye bei. Usimkataze, mwombe tu aseme kwa sauti."